Kata maneno, harakisha kazi: dakika 22 za bwana shamba ndani ya dakika mbili

Kikundi kimoja cha wakulima wilayani Kongwa kilitaka video isiyozidi dakika mbili, ya kusambaza kwa wanachama kwa simu, kuonyesha namna ya kupima ukavu wa mahindi kwa chupa na chumvi kabla ya kuyafunga kwenye mifuko ya kuhifadhia. Kipimo chenyewe ni cha siku nyingi, hakina gharama, na bwana shamba wao anakijua vizuri. Waliweka kamera kwenye kigoda, yeye akasimama nyuma ya meza chini ya mwarobaini, akaongea. Aliongea dakika 22 na sekunde 40 bila kusimamishwa, kipande kimoja tu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Kipande hicho kilipofika kwangu kilikuwa tayari kimekatwa mara moja na kijana mwenye mkono mwepesi. Alikata kwa kusikiliza tu moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kuandika chochote. Kila palipokuwa na kigugumizi alikata, kila penye kimya alikata, kisha akaongeza kasi ya video nzima hadi asilimia 112 ili iingie kwenye muda. Ilitoka chini ya dakika mbili, safi, haina pa kusinzia. Katibu wa kikundi, mama wa makamo, aliitazama mara mbili kisha akauliza: “Sasa mwanangu, yakiwa hivi niweke au nisiweke?”

Swali hilo ndilo kisa chenyewe. Mahindi yanayofungwa yakiwa na maji huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu, kwa hiyo hapa anayekata video hana nafasi ya kusema “wataelewa tu”. Nilichofanya ni kuirudisha kazi kwenye karatasi: kuandika skripti ya mkato, yaani maneno yote ya bwana shamba pamoja na maelekezo ya wapi pa kuruka na wapi pa kubadili kasi, kabla ya mtu kugusa kompyuta.

Karatasi kwanza

Hatua ya kwanza inachosha na haina njia ya mkato: kunakili kila neno, pamoja na “eeh”, “yaani”, vicheko, na muda wa kila sentensi kuanza. Ukinakili maneno mazuri tu umeshakata bila kujua. Nikiwa nanukuu, pembeni naandika pia kinachoonekana: ameshika chupa, anaangalia kushoto, mkono umefunika kifuniko. Mkato wa kuruka, yaani kuunganisha sehemu mbili za picha ileile ya mtu yuleyule huku katikati pakiwa pametolewa, huonekana kwa jicho kabla ya kusikika kwa sikio. Kama kwenye sentensi ya kwanza chupa iko mkononi na kwenye ya pili iko mezani, mtazamaji anaacha kusikiliza na kuanza kutafuta chupa imeendaje.

Kipande kilijigawa chenyewe sehemu tano. Kuanzia mwanzo hadi dakika ya 2:50 ni salamu na historia ya dumuzi, mdudu ambaye wakulima wa Tabora walimpa jina la Skania alipoingia. Toka hapo hadi 5:10 anaweka chumvi na mahindi kwenye chupa. Hadi 6:10 anatikisa, dakika nzima, akiongea. Kisha chupa inakaa mezani dakika 15 ikitulia, naye anaendelea kuongea, simu inaita, kuku wanapita. Kuanzia 21:10 anasoma matokeo.

Ukizitazama sehemu hizo utaona aina mbili za urefu. Kuna urefu wa maneno, ambapo mtu anazunguka kabla ya kufika, na kuna urefu wa kazi, ambapo kitu chenyewe kinahitaji muda. Mkato wa kuruka unafaa urefu wa kwanza. Kubadili kasi kunafaa urefu wa pili. Sababu ni kwamba mkato unauficha muda uliopita, na kasi inauonyesha kwamba ulikuwepo na umeharakishwa. Ukikata dakika 15 za kusubiri kwa mkato wa kuruka, mtazamaji anaona chupa ikitikiswa na papo hapo ikisomwa, naye nyumbani atafanya hivyo hivyo. Na ukiharakisha maneno badala ya kuyakata, unabaki na porojo ileile, ila sasa ina pumzi fupi. Kijana wetu alikuwa amefanya kinyume pande zote mbili.

Mgawo wa muda niliuandika juu ya karatasi: salamu na sababu sekunde 14, kuweka vitu kwenye chupa 38, kutikisa 9, kusubiri 11, kusoma matokeo 36, na maandishi ya mwisho 4. Jumla 112. Ukianza na mgawo unajua mapema ni wapi unaweza kuwa bahili. Salamu, kwa mfano, kikundi walitaka iondoke kabisa ili kuokoa muda. Niliiacha, “Habari zenu wakulima wenzangu”, sekunde mbili. Bwana shamba anayeanza kuagiza bila kusalimu anasikika kama amekuja kudai ushuru.

Chupa iliyopotea

Sehemu ya kuweka chumvi ndiyo yenye somo zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Maneno yake yalikuwa hivi:

“Sasa, tunachukua chumvi. Chumvi hii ya kawaida tu, ya kusaga, siyo ile ya mawe, ingawa mama mmoja kule juu alinibishia, akaniambia ya mawe ndiyo kali, nikamwambia mama hatupiki mchuzi hapa. Basi. Na chupa. Chupa ya kioo, hii ilikuwa na juisi, nimeiosha, mjukuu wa mwenye nyumba ndiye kanisaidia, tangu asubuhi ipo juani, maana iwe kavu, ikiwa na maji kidogo tu itakudanganya. Hata chumvi nayo hivyo hivyo. Unaweka vijiko viwili, eeh, vitatu, vitatu vya chai.”

Mkato wa kwanza, ule wa kijana, ulikuwa na mtiririko mtamu: “Tunachukua chumvi ya kawaida tu, ya kusaga. Iwe kavu, ikiwa na maji kidogo tu itakudanganya. Unaweka vijiko vitatu vya chai.” Soma tena. Kila neno ni lake, hakuna lililopindishwa, sarufi imekaa sawa. Lakini “iwe kavu” aliisema juu ya chupa, na sasa inasomeka juu ya chumvi. Chupa na chumvi ziko kwenye ngeli moja, zote zinachukua “i”, kwa hiyo sentensi iliyopoteza mwenyewe imejishikiza kwa jirani bila sikio kushtuka. Mkulima anayefuata video hiyo atakausha chumvi vizuri, atachukua chupa aliyoisuuza sasa hivi, chumvi itashika kioo kwa maji ya chupa, naye ataamini mahindi yake ni mabichi. Atayaanika siku nyingine kadhaa bure.

Kwenye kompyuta kosa hili halionekani, kwa sababu unasikiliza sauti na unajua tayari alichomaanisha. Kwenye karatasi linaonekana ukifanya jambo moja dogo: baada ya kukata, piga mstari chini ya kila kiambishi kinachosimama badala ya jina, ile “i” ya “iwe”, “ya” ya “yaache”, “u” ya “ukaze”, kisha rudi nyuma ndani ya maneno yaliyobaki, siyo ya mwanzo, utafute jina linaloshikwa. Kama jina la kwanza unalokutana nalo silo, umekata pabaya. Mahindi yana “ya” na mfuko una “u”, kwa hiyo hao hawachanganyiki kirahisi. Hatari iko kwa vitu vya ngeli moja vinavyokaa meza moja, na jikoni au shambani ndivyo vingi.

Dawa ilikuwa kwenye maneno yake mwenyewe. Hiki ndicho kipande cha skripti kilivyokuwa mwisho. Alama ya mkwaju ni mkato, namba ya asilimia ni ukubwa wa picha baada ya mkato, na nyota ni sentensi isiyoguswa kasi:

```
02:52  * Tunachukua chumvi. Chumvi hii ya kawaida tu,
       ya kusaga, siyo ile ya mawe.
/130%
03:20  Na chupa. Chupa ya kioo,
/130%  (usibadili ukubwa; ficha kwa picha ya mkono na chupa)
03:38  * iwe kavu, ikiwa na maji kidogo tu
         itakudanganya. Hata chumvi nayo hivyo hivyo.
/100%
03:49  * Unaweka vijiko / vitatu vya chai.
```

“Hata chumvi nayo hivyo hivyo” ni sentensi ambayo kijana aliitupa kwa sababu ilisikika kama nyongeza. Ndiyo iliyobeba nusu ya maelekezo. Kuirudisha pamoja na chupa kuligharimu sekunde kama 4, na hizo nilizitoa kwenye historia ya dumuzi bila majuto, ingawa nilipenda hadithi ile.

Kuhusu zile asilimia. Kamera ilirekodi kwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, na video ya mwisho ni 1920 kwa 1080. Maana yake unaweza kumsogeza mtu karibu hadi mara mbili bila picha kupoteza ukali. Mkato wa kuruka ukiuacha kwa ukubwa uleule, kichwa kinadunda kidogo na inaonekana kama hitilafu. Ukimsogeza karibu kwa karibu theluthi moja, jicho linaupokea kama uamuzi. Ukisogeza asilimia 5 au 10 unapata ubaya wa vyote viwili. Lakini usisogeze kila mkato. Karibu, mbali, karibu, mbali, mtazamaji anaanza kuhesabu. Mimi nasogeza pale wazo linapobadilika, kama hapo anapotoka chumvi kwenda chupa, na mikato iliyo ndani ya wazo moja naifunika kwa picha nyingine, au naiacha wazi kama kichwa hakijahama.

Mkato wa “vijiko / vitatu” unastahili neno lake. Alisema “vijiko viwili, eeh, vitatu, vitatu vya chai”. Mtu anaposahihisha kauli, neno la kwanza la usahihisho hutoka kwa mkazo, kama anayejigombeza, na la pili hutulia. Chukua la pili. Na kwa bahati “viwili” na “vitatu” yote yanaanza kwa “v”, kwa hiyo mkato uliwekwa ndani ya “v” yenyewe: mdomo ulikuwa tayari kwenye umbo hilo, sauti ikapita bila mshono. Kwenye skripti niliandika wazi “kata kwenye v, tumia VITATU YA PILI”, kwa sababu anayekata usiku wa manane, macho yamechoka, huchukua tamko lenye sauti kubwa. Hatari kubwa zaidi ni yule atakayekata baada ya “viwili” kwa kuwa hapo ndipo palipo na ufasaha, akaacha usahihisho wote kwenye pipa.

Silabi ndogo inayobeba hapana

Sasa swali la mama katibu. Maneno ya kusoma matokeo yalikuwa haya:

“Sasa tuangalie. Mnaona? Ukiona chumvi imeganda kwenye ukuta wa chupa hivi, na hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya, anakuambia bwana shamba mimi nimeanika siku tatu, jua lilikuwa kali, jirani yangu huyu hapa mwaka jana alisema hivyo hivyo, mahindi bado yana maji. Usiyaweke kwenye mfuko. Yarudishe juani, siyo chini kwenye udongo, kwenye turubai. Isipoganda, chumvi ikabaki chini na mahindi, hapo unaweza kuyahifadhi.”

Kijana hakukata vibaya hapa. Aliondoa habari ya siku tatu na jirani, akaacha “Ukiona chumvi imeganda kwenye ukuta wa chupa hivi, mahindi bado yana maji. Usiyaweke kwenye mfuko.” Mkato sahihi kabisa. Kilichoharibu ni kasi. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika “usiyaweke” uzito wote uko kwenye “we”, na “si”, ambayo ndiyo amri nzima, iko nyuma haina mkazo. Bwana shamba huyu kwa kawaida yake anaongea haraka. Ukimwongezea asilimia 12 juu yake, kisha ukacheza video kwenye spika ya simu penye upepo, “si” inakuwa mnong’ono, na kinachofika ni kitu kama “u…yaweke”. Hali ni hiyohiyo kwa “isipoganda” dhidi ya “ikiganda”, na kwa “ha” ya “haijaganda”, ambayo ni pumzi tu: mtu akibana mwanzo wa mkato kupita kiasi kwa fremu mbili tatu, yaani picha mbili tatu kati ya zile zinazounda video, imeliwa.

Kwa hiyo kabla ya kuweka kasi yoyote napita karatasi nzima nikiweka nyota kwenye kila sentensi yenye si, ha, sipo, bila, kabla, na kila sentensi yenye namba. Hizo zinabaki asilimia 100, na mwanzoni mwake zinaachiwa fremu tatu au nne za pumzi. Video hii ni ya fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo fremu nne ni kama sekunde 0.16, kitu ambacho hakuna anayekiona lakini “ha” inaokoka. Baada ya “Usiyaweke kwenye mfuko” niliagiza nusu sekunde ya kimya, yeye akiwa anatazama kamera. Kimya hicho kilikuwepo kwenye kipande cha asili. Bwana shamba mwenyewe alijua pa kunyamaza, ni mkato uliomnyang’anya.

Sentensi zisizo na nyota zinaweza kuharakishwa kidogo. Salamu na sababu niliziwekea asilimia 106, sauti ikilindwa isipande kuwa nyembamba. Kwa sikio langu, mtu anayeongea polepole anavumilia hadi 110 kabla hajaanza kusikika kama anafukuzwa; kwa mtu kama huyu 106 ndiyo ilikuwa mwisho, na niliipata kwa kusikiliza maneno yenye konsonanti zilizobanana kama “mkulima” na “mfuko”. Yakianza kugongana, umezidisha. Faida ya yote hayo ni chini ya sekunde moja. Ukiwa umekata vizuri, kasi ya maneno karibu haihitajiki, na mara nyingi mtu anayeomba kasi hapo anaomba mkato ambao hajautafuta.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo karatasi ilinionyesha tu kwa kuwa nilikuwa nimeandika picha pembeni ya maneno. Siku ile mahindi yalikuwa bado yana maji, chumvi iliganda. Kwa hiyo anaposema “isipoganda, chumvi ikabaki chini”, picha inaonyesha chupa yenye chumvi iliyoganda. Katika kipande kirefu haikudhuru, maana alikuwa ameishusha chupa na kuipungia mkono. Baada ya kubana, maneno ya “salama” yalikaa juu ya picha ya “hatari”. Jicho likigombana na sikio, jicho hushinda. Niliagiza mkato kwenda usoni kwake mara neno “isipoganda” linapoanza, ukubwa wa 150, chupa ikiwa nje ya fremu kabisa.

Dakika moja, dakika kumi na tano

Kutikisa kulichukua dakika nzima na lazima kuonekane hivyo. Ukiharakisha sekunde 60 zote kuwa 4, mtu anaonekana kama amepagawa na watazamaji watacheka. Mbaya zaidi, watakumbuka kwamba alitikisa kidogo. Skripti iliagiza hivi: sekunde mbili za kwanza kwa kasi ya kawaida, akisema “unatikisa kwa nguvu, dakika nzima”, kisha kasi ipande taratibu ndani ya nusu sekunde, iende mbio kama sekunde nne, kisha ishuke hadi kawaida kabla hajaiweka chupa mezani, ili mlio wa chupa kugusa ubao usikike kwa wakati wake. Mlio ule ndio unaomwambia mtu kwamba hatua imeisha. Juu ya sehemu ya mbio paandikwe “dakika 1” kwa herufi kubwa. Sauti iliyoharakishwa itupwe, hailiki. Chini yake niliweka sauti ya kutikisa ya sekunde zile za kawaida, kwa sauti ndogo.

Sipendi kuandika asilimia za kasi kwenye skripti kwa kazi za namna hii. Naandika “kutoka 5:12 hadi 6:06 iwe sekunde 4” na kumwachia mkataji hesabu, kwa sababu asilimia inabadilika kila ukigusa mwanzo au mwisho wa kipande, lakini muda unaoutaka haubadiliki.

Kusubiri ndiko kulikonifurahisha. Ndani ya zile dakika 15 za porojo, kati ya simu iliyoita na majadiliano ya bei ya debe, alisema sentensi moja ambayo haimo popote pengine: “Chumvi hii inakuambia kama mahindi yamezidi asilimia 15 au hayajazidi, basi, haikuambii asilimia 13 na nusu wanayotaka wanunuzi.” Ni kweli, kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya nafaka ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kipimo cha chumvi hakifiki hapo. Ukiitupa sentensi hii, video inakuwa imeahidi zaidi ya kipimo chenyewe. Mkato wa kijana uliitupa, maana aliruka kusubiri kote kwa pamoja.

Hapa mkato na kasi vilisaidiana. Sentensi ile na nyingine ya “iache itulie robo saa” zikiunganishwa zina sekunde 11. Picha ya dakika 15 ikaharakishwa ijae sekunde hizo hizo, yaani takriban mara 82, na sauti ya kawaida ikapita juu yake. Kwa kuwa picha ni ya mbio, mikato iliyo kwenye sauti haina mdomo wa kuisaliti. Ila bwana shamba naye yumo kwenye picha hiyo, mdomo ukipepea. Ndipo 4K ilipookoa tena, picha ikasogezwa mara mbili hadi chupa na meza tu. Kivuli cha chupa kinatembea juu ya ubao, kwa sababu robo saa jua linasogea karibu digrii nne, na hicho kinaonyesha muda kuliko maandishi yoyote.

Kwa kasi hiyo kompyuta inachukua fremu moja na kuruka kama 81. Programu nyingi zitakupa chaguo la kuchanganya fremu ili mwendo uwe laini. Hapa lilikataliwa kwenye skripti, kwani hugeuza mkono unaopita kuwa mzuka. Lakini bila kuchanganya, kuku aliyepita mbele ya meza alitokea fremu moja tu, mwako mweupe ambao mtu anauona bila kujua ameona nini. Kuku na mkono uliochukua simu viliondolewa kabla ya kasi kuwekwa, kwa mikato mitatu ambayo hakuna atakayeiona, kivuli kikiruka kidogo sana.

Mshono wa sauti na kilichobaki

Mashine ya kusaga ya jirani iliwashwa dakika ya 4:30, ikanguruma mpaka mwisho. Sentensi ya kabla yake ukiiunganisha na ya baada yake, mngurumo unazuka ghafla na mtazamaji anajua pamekatwa, hata kama picha imefunikwa. Kwenye karatasi nilichora mstari mmoja kwenye dakika ya 4:30 na kuagiza kwamba mkato wowote unaovuka mstari ule uende sambamba na badiliko kubwa la picha. Mingine yote ilipewa kupishana kwa sauti fremu mbili au tatu. Walipokuwa wakifunga vitu, mtu alisahau kuzima kamera sekunde 40. Sauti ile tupu, mashine na ndege tu, ndiyo iliyozibia mianya. Ni vizuri kuirekodi kwa makusudi.

Kabla ya kukata nilimsomea skripti kwa sauti mtu ambaye hajaiona picha, nikamwomba anirudishie hatua. Alizitaja zote, akakwama mahali pamoja: hakujua mahindi yajae kiasi gani. Bwana shamba alisema “hapa” akionyesha kwa kidole theluthi ya chupa. Neno halikuwepo kabisa, lilikuwa kidoleni. Picha ile ikaandikiwa isiharakishwe wala kufunikwa, na maandishi “theluthi moja” yakae sekunde mbili.

Lililobaki ni lile la chupa ya pili. Mkato unaweza kuficha picha isiyofaa. Hauwezi kuzaa picha ambayo haikupigwa, na maneno “isipoganda” yalihitaji kuonekana. Nilimpigia. “Bwana shamba, naomba chupa yenye mahindi makavu, sekunde kumi tu, usiseme kitu.” Aliipiga kwa simu juma lililofuata, meza ileile. Simu ilirekodi fremu 30 kwa sekunde nasi tuko 25, jambo ambalo kwa picha tulivu isiyo na maneno halina madhara. Sekunde tatu zake zikaingia baada ya uso wake kuonekana kwa nusu ya kwanza ya sentensi: “Isipoganda” akiwa usoni, “chumvi ikabaki chini na mahindi” kwenye chupa mpya. Mwanga ulikuwa wa jioni na ule wa mwanzo wa saa nne asubuhi. Tuliacha hivyo hivyo.